Kiungulia kilichokuja kila akipanda mlima wa Ipogolo

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na wagonjwa zaidi ya mmoja niliowaona katika kazi ya utabibu huku Nyanda za Juu Kusini, ili asitambulike yeyote. Tumchukue kama mtu mmoja: mwanamume wa miaka 57, fundi seremala, nyumbani Ipogolo, karakana yake juu mjini Iringa. Ana kisukari cha miaka kadhaa anachokitibu kwa metfomini. Presha anayo pia, ila dawa zake humeza siku anazojisikia vibaya tu, kama wafanyavyo wengi. Sigara aliacha zamani.

Anayeifahamu Iringa anajua kwamba Ipogolo iko bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na mji umekaa juu ya mlima. Fundi wetu alikuwa akiupanda mlima ule asubuhi kwa miguu ili kuokoa nauli. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika, alianza kusikia moto kwenye chembe ya moyo kila akifika katikati ya mpando. Moto ulipanda katikati ya kifua ukafika karibu na koo. Alikuwa anasimama kando ya barabara, anatoa simu na kujifanya anaisoma ili wapita njia wasimshangae, na baada ya dakika tatu au nne moto unaisha, anaendelea na safari. Akishafika karakana na kushika randa, hana habari tena.

Hali hiyo ilikwenda hivyo kwa takriban wiki tatu. Katikati yake alikwenda zahanati moja. Akaulizwa panauma wapi, akaonyesha chembe ya moyo. Panachoma? Panachoma. Akapimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, majibu yakaja kwamba anao, akapewa omeprazoli ya kupunguza asidi na antibayotiki za wiki mbili. Alizimeza zote kwa uaminifu. Mlima ukaendelea kumchoma vilevile.

Hapa ndipo kisa chote kilipo, kabla hata ya usiku wa dharura. Kipimo kile cha bakteria hakikudanganya, bakteria huyo kweli alikuwa naye. Tatizo ni kwamba watu wazima wengi sana katika nchi zetu wanaye, wengi wao bila ugonjwa wowote wa tumbo, kwa hiyo kumkuta hakuelezi maumivu ya mtu huyu. Swali ambalo halikuulizwa ni moja: yanakuja lini? Aliulizwa mahali na ladha ya maumivu, na kwa mambo hayo mawili moyo na umio vinafanana mno. Mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa za maumivu kutoka kwenye moyo na ile inayotoka kwenye umio huingia kwenye uti wa mgongo katika maeneo yanayoingiliana, na ubongo hauna namna nzuri ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinacholalamika. Ndiyo maana moyo unaweza kuchoma, kujaza gesi na kuleta kichefuchefu, na umio nao unaweza kubana kifua mpaka mtu aandike wosia.

Tofauti inayosaidia zaidi iko kwenye mazingira ya maumivu. Kiungulia ni asidi ya tumbo inayorudi juu kwenye umio kwa sababu kile kibano cha chini ya umio kimelegea au tumbo limejaa kupita kiasi. Kwa hiyo hufuata mambo ya tumbo: huja nusu saa au saa moja baada ya kula vizito, huzidi ukiinama kufunga viatu au ukilala chali, na mara nyingi huleta maji machungu au makali mdomoni. Ukikaa wima hupungua. Kinaweza kuchoma kwa saa nzima au mbili bila kumtoa mtu jasho. Na kwa kawaida hakijali kama unatembea kwenye tambarare au unapanda mlima.

Maumivu ya moyo wenye mishipa iliyosinyaa, yanayoitwa kitaalamu anjaina, hufuata kazi. Mishipa inayolisha moyo ikiwa imejaa utando wa mafuta, damu inayopita inatosha ukiwa umekaa. Ukipanda mlima moyo unadai damu zaidi, njia nyembamba haitoi, msuli unalia. Ukisimama dai linashuka, na ndani ya dakika chache kilio kinakoma. Baridi inaongeza shida kwa sababu mishipa ya ngozini hujikunja, presha hupanda, na moyo husukuma dhidi ya mzigo mkubwa zaidi. Huku kwetu Iringa, Mafinga, Njombe na Makete, asubuhi za Juni na Julai juu ya mlima ni kipimo tosha cha moyo kwa mtu ambaye hajawahi kuona mashine ya hospitali. Fundi wetu alipimwa na mlima ule kila siku ya kazi, na majibu yakawa yaleyale.

Niseme pia mpaka wa kanuni hii. Wapo ambao asidi hupanda wakifanya kazi nzito ya kuinama, kama kulima au kubeba magunia mara baada ya kula, na wapo ambao moyo huwauma baada ya mlo mkubwa kwa sababu usagaji wa chakula nao unadai damu. Kwa hiyo kanuni ya mlima haitoshi kumwambia mtu kwamba moyo wake ni mzima. Inatosha kumwambia kwamba lazima upimwe.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Alikula kitimoto na ugali, akashushia ulanzi, akarudi nyumbani. Saa tatu usiku akiwa amekaa tu kwenye kochi moto ukaanza, pale pale palipozoeleka, lakini safari hii hakukuwa na mlima wowote. Akatafuna vidonge viwili vya magnesi. Baada ya robo saa akakoroga Eno, akacheua kwa nguvu, na maumivu yakapungua kweli. Akamwambia mkewe, "Si unaona, Mama Neema? Ni gesi hii, na kitimoto kilikuwa na mafuta."

Dakika ishirini baadaye yakarudi yakiwa mazito kuliko mwanzo. Sasa hayakuchoma tena, yalikaa kifuani kama gunia la mahindi. Taya la chini likaanza kuuma, akadhani ni jino. Akatapika mara moja. Mkewe alipomshika mgongoni ili amsaidie kuinama akakuta shati limelowa chapachapa, na nje ni baridi ya kuvaa koti.

"Baba Neema, hili jasho la nini?"

"Ngoja litulie, nimeshakunywa dawa."

"Hakuna cha kungoja. Namwita jirani atoe gari."

Walitoka nyumbani kama saa nne na nusu, wakafika hospitali saa tano kasoro. Hayakuwa yamepita masaa mawili tangu maumivu yaanze. Kwa mgonjwa wa aina hii, uamuzi wa mama yule juu ya jasho una uzito kuliko karibu kila kitu tulichokifanya sisi baadaye.

Jasho nalikazia kwa sababu hakuna anayelisahau akishaliona. Mwili ukiona moyo umeelemewa hutoa homoni za hatari kwa wingi, ngozi inapoa, inapauka na kulowa kwa wakati mmoja. Kiungulia kikali kinaweza kumfanya mtu ajikunje na kulia, lakini kumlowesha shati usiku wa baridi si kawaida yake. Maumivu ya kifua pamoja na jasho baridi ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama mgonjwa ametoka kula nini.

Kosa la pili, baada ya lile la zahanati, ni la usiku ule: kuamini nafuu ya Eno. Dawa za kupunguza asidi na vinywaji vya kucheulisha huwapa nafuu watu wenye shambulio la moyo pia. Wakati mwingine ni kwa sababu maumivu ya moyo yenyewe huja kwa mawimbi, bonge la damu likiziba na kuachia kabla ya kuziba moja kwa moja. Wakati mwingine mtu anayo asidi kweli, juu ya moyo wake mbovu. Hata hospitalini tulifundishwa kutokutumia nafuu ya dawa ya tumbo kama kipimo, na upande wa pili vilevile: kidonge cha nitrati, dawa ya maumivu ya moyo inayowekwa chini ya ulimi, hulegeza pia misuli ya umio, kwa hiyo kinaweza kutuliza maumivu ambayo hayakuwa ya moyo hata kidogo. Anayesema "nilikunywa maziwa yakatulia, basi ni tumbo" anatumia kipimo kisichopima.

Tulipompokea presha ilikuwa 98 juu ya 60, na mapigo 52 kwa dakika. Mapigo ya polepole kwa mtu mwenye maumivu makali yanashangaza, na kwa mtu anayetapika na kuumwa chembe ya moyo yanaelekeza kwenye ukuta wa chini wa moyo. Ukuta huo umelala juu ya kiwambo, karibu na tumbo. Kwa watu wengi unalishwa na mshipa wa moyo wa kulia, na mshipa huohuo ndio mara nyingi unaolisha kituo kinachotawala mapigo. Mashambulio ya ukuta wa chini ndiyo yanayojifanya tumbo kuliko mengine yote.

Kipimo cha umeme wa moyo, kile kinachoandikwa ECG kwenye fomu, kilifanyika ndani ya dakika kumi. Cha kwanza hakikuonyesha kitu cha kutosha kufanyia uamuzi. Hapa pia watu hurudishwa nyumbani kimakosa, na nimewahi kuona karatasi ya ECG nzuri ikitembezwa mkononi kama cheti. Karatasi ile inaeleza moyo ulivyokuwa kwa sekunde chache tu zilizorekodiwa. Maumivu yakiendelea kipimo kinarudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30. Cha pili kwa fundi wetu kilionyesha mstari uliopanda waziwazi kwenye II, III na aVF, ambayo ndiyo macho yanayotazama ukuta wa chini. Kuanzia hapo hatukusubiri damu. Troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo unaokufa, huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo ikipimwa mapema inaweza kuonekana safi kwa mtu mwenye shambulio kamili. Kwa wale ambao ECG haisemi, hurudiwa baada ya saa tatu hadi sita.

Alikuwa ameshatafuna asprini ya miligramu 300. Tukaongeza klopidogreli, ambayo kama asprini huzuia damu kugandana, na kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumzuia (hakuwahi kupata kiharusi, hakuwa na damu inayotoka popote) akapewa streptokinezi kwa dripu, yuniti milioni moja na nusu ndani ya saa moja, kuyeyusha bonge lililoziba mshipa. Dawa ya namna hii hufaa ndani ya saa 12 za mwanzo na faida yake hupungua kila saa inayopita. Kubwa kabisa iko kwenye saa mbili tatu za kwanza. Nitrati hatukumpa, kwa sababu shambulio la ukuta wa chini likigusa upande wa kulia wa moyo, nitrati inaweza kuangusha presha ghafla. Saa moja na nusu baadaye mistari ile kwenye karatasi ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu na maumivu yameisha. Si kila kituo kina dawa hiyo, na hilo ni jambo la kuuliza mapema kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, siyo usiku wa tukio.

Sasa kwa msomaji aliye nyumbani Tukuyu, Mbalizi au Kilolo, ambaye hana ECG wala mtu wa kuisoma. Maumivu, mbano, uzito au moto wa kifua unaodumu zaidi ya dakika 10 hadi 15 ukiwa umetulia ni safari ya hospitali usiku huohuo. Usiyahesabu maumivu peke yake. Tazama kama yanakwenda kwenye bega, mkono, taya, shingo au mgongo, kama kuna jasho baridi, pumzi fupi, kizunguzungu, kuzimia au kutapika. Kwa mtu mwenye kisukari, mwanamke, au mzee wa miaka sabini na kuendelea, maumivu yanaweza kuwa madogo mno au yasiwepo. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya moyo kama kinavyoua ya nyayo, hivyo dalili inaweza kuwa pumzi kukatika ghafla au uchovu usioelezeka kwa bibi ambaye jana alikuwa shambani. Na maumivu ya mlimani yanayokoma ukipumzika, hata kama ni ya dakika mbili, yanahitaji kupimwa ndani ya siku chache. Yakianza kuja kwa kazi ndogo kuliko mwanzo, au ukiwa umekaa, usingoje siku nyingine.

Yapo maumivu ya kifua ambayo si kiungulia wala moyo uliozibwa, nayo yanaua. Yanayokuja ghafla kama kifua kinachanwa yakapita mgongoni yanaweza kuwa mshipa mkuu umepasuka ukuta. Kichomi cha ghafla na pumzi kukatika kwa mtu aliyevimba mguu mmoja au aliyelazwa karibuni huenda ni damu iliyoganda kwenye mapafu. Tumbo gumu kama ubao, kutapika damu au kinyesi cheusi kama lami ni dharura ya tumbo lenyewe. Huyu wa mwisho na yule wa kifua kuchanwa asprini inaweza kuwadhuru, kwa hiyo asprini ya nyumbani si ya kila mtu. Kwa dalili zinazoelekea moyo kama za fundi, mtu mzima asiye na mzio wa asprini wala hizo dalili mbili anaweza kutafuna moja ya miligramu 300, au nne za miligramu 75. Aitafune, asiimeze nzima, kwa sababu inaingia mwilini haraka zaidi, na asile kingine chochote juu yake.

Sindano ya diklofenaki, ambayo kwenye maduka ya dawa hutolewa kwa kila kinachouma, usikubali kuchomwa kwa maumivu ya kifua. Haizibui kitu, na dawa za kundi hilo huongeza hatari kwa moyo wenye shida. Mgonjwa asitembee kwenda kituoni wala asiendeshe mwenyewe; bodaboda nayo ni mbaya kwa mtu anayeweza kuzimia njiani. Gari la jirani au bajaji, akae ameegemea, mtu mmoja pembeni yake. Kama alimeza dawa ya nguvu za kiume siku hiyo au jana yake, amwambie daktari hata kama mama yupo chumbani, kwa sababu dawa hizo na nitrati zikikutana presha huanguka vibaya.

Fundi alipelekwa baadaye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako mshipa wa kulia ulipanuliwa na kuwekewa kijineli cha chuma ili usizibe tena. Amerudi kazini, ila sasa ana tatizo jipya: asprini na klopidogreli anazomeza kila siku zinaudhi tumbo, na kiungulia cha kweli kimeanza. Omeprazoli tulimwachisha kwa kuwa hupunguza nguvu ya klopidogreli, akahamia pantoprazoli. Tumekubaliana naye namna ya kutenganisha. Moto ukimjia amelala baada ya kula, ukaja na maji makali mdomoni na hauna jasho, anainuka, anakaa wima, anaangalia saa. Ukimjia kwenye mpando, au ukimjia kwa namna yoyote anayoikumbuka kutoka usiku ule, anakaa chini pale pale, anaweka kidonge kimoja cha nitrati chini ya ulimi, na zikipita dakika tano moto haujaisha, mkewe anaita gari.